Gilasi ya Kijani na Jiwe la Figo



Ndugu wasomaji, na hasa akina mama mnaosimamia majiko yetu, leo nawasimulia habari iliyonipata mwenyewe mwilini mwangu. Baadaye nikaikuta pia, kwa sura nyingine, katika mifupa ya mamangu mzazi. Ni habari ya mboga tunayoipenda sote: mchicha, na ndugu yake wa majani mapana tunayemwita spinachi pale sokoni.

Ilikuwa mwezi wa Shaaban, kaskazi imepamba moto, na Mombasa ilikuwa haina upepo. Niliamka kabla ya alfajiri nikihisi mchomo ubavuni mwa kulia, chini kidogo ya mbavu, upande wa mgongoni. Nilidhani nimelala vibaya. Haikupita robo saa mchomo ule ukawa maumivu ambayo sijawahi kuyaonja. Yalikuja kwa mawimbi: yakapanda mpaka nikakosa pumzi, yakatulia kidogo, kisha yakarejea na kushuka kuelekea kinenani. Mtu akiumwa tumbo hujikunja akapata nafuu, lakini mimi sikupata mkao wowote. Nikisimama naumwa, nikilala naumwa, nikisujudu naumwa. Nikatapika. Nilipokwenda msalani, mkojo ulitoka kidogo, nao ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Ilikuwa damu.

Mama watoto akaita gari, nami nikafikishwa hospitali nikiwa nimeshika ubavu kama mtu aliyechomwa kisu. Wakanipa dawa ya maumivu, wakanipiga picha, na daktari akanionyesha kidoa cheupe katika mrija unaotoka figo la kulia kwenda kibofuni. Jiwe la milimita 4. Nilishangaa kwamba kitu kidogo kuliko punje ya choroko kinaweza kumlaza mtu mzima chini. Daktari akanieleza kwamba kinachouma ni mrija wenyewe, unaojikaza kulisukuma jiwe huku mkojo ukirudi nyuma na kulijaza figo. Jiwe lisilozidi milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe, na lililopita milimita 10 ni nadra kutoka bila ya kusaidiwa. Akanipa dawa, akanirudisha nyumbani, na akaniagiza nikojoe juu ya kichujio cha chai mpaka nilikamate.

Siku ya tatu nikalikamata. Lilikuwa la rangi ya kahawia, lenye miiba midogo kama tunda la mbigili. Nikalipeleka maabara, na jibu lililorudi lilikuwa na maneno mawili ambayo sikuwahi kuyasikia madrasa: oksaleti ya kalsiamu.

Hapa ndipo niwaeleze gilasi ya kijani.

Miezi minane kabla ya siku ile, nilipimwa nikaambiwa shinikizo la damu limeanza kupanda na uzito umezidi. Nikaamua kujirekebisha. Rafiki mmoja akanielekeza kwenye kinywaji alichokisifu sana: unachukua fungu la spinachi mbichi, unatia kipande cha tangawizi na tofaa, unasaga kwa blenda, unakunywa asubuhi kabla ya kula kitu. Nikakishika kinywaji kile kama wirdi. Kila siku fungu moja, gilasi moja kubwa, tumbo tupu. Na kwa sababu nilitaka kupunguza mafuta, nikaacha maziwa katika chai yangu, nikaacha na maziwa mala ya jioni. Nilipungua kilo kadhaa nikafurahi. Kitu kimoja tu kilikuwa kikinisumbua. Kila nikimaliza gilasi ile meno yalikuwa yakipata ukakasi, kama kwamba yamepakwa chokaa. Sikuuliza ukakasi ule ni wa nini.

Aliyenifumbua macho ni binti wa dada yangu, ambaye amesomea lishe na anafanya kazi katika hospitali moja ya hapa Pwani. Alikuja kunijulia hali, akakuta nimezungukwa na wageni wenye ushauri. Mmoja alikuwa amesema jiwe la kalsiamu huletwa na maziwa, hivyo nisiyaguse tena maisha yangu. Mwengine alisema niongeze mboga za majani ili zisafishe figo. Nikamwambia binti yetu kwamba nimekubali yote mawili.

Akatabasamu, akasema, "Mjomba, kwa heshima yako, hayo yote mawili ndiyo yaliyokuleta hapa."

Akaniomba nimwonyeshe fungu la spinachi ninalosaga kila siku. Akalipima kwa mizani ya jikoni, likafika gramu 150. Kisha akakaa nami akanieleza, na haya nayaandika kama nilivyoyafahamu.

Ndani ya majani ya spinachi mna asidi iitwayo oksaliki, na chumvi zake ndizo oksaleti. Mmea huitengeneza wenyewe. Sehemu yake moja huwa imekwisha kushikana na kalsiamu ndani ya jani, ikawa fuwele ndogo zisizoyeyuka. Sehemu nyengine huwa bado imeyeyuka katika maji ya jani, inasubiri kalsiamu ya kuishika. Ule ukakasi wa meno unatokana na oksaleti hiyo inapokutana na mate, ambayo yana kalsiamu. Kumbe kila asubuhi ulimi wangu ulikuwa ukiniarifu kilichomo, nami sisikii.

Spinachi mbichi huwa na oksaleti kati ya miligramu 500 na 1,000 katika kila gramu 100, kulingana na aina ya mmea, udongo na umri wa majani. Chukua makadirio ya katikati, miligramu 600. Fungu langu la gramu 150 lilikuwa na miligramu 900. Mlo wa kawaida wa siku nzima wa mtu asiyekula mboga hizo kwa wingi huwa na miligramu 100 hadi 250 tu. Yaani gilasi moja, kabla jua halijapanda, ilikuwa imepita chakula cha siku tatu au nne.

Si oksaleti yote inayoingia mwilini. Sehemu kubwa hupita utumboni ikatoka na choo. Lakini tukisema inayoingia kwenye damu ni 5 tu katika kila 100, basi katika miligramu 900 zinaingia 45. Mwili hauna kazi yoyote na oksaleti. Ini letu huitengeneza kidogo kama takataka, na figo huitoa yote kwa mkojo. Mtu mzima aliye salama hutoa kwa kawaida chini ya miligramu 40 au 45 kwa siku. Mimi nilikuwa nikiongeza kiasi kama hicho juu ya kile cha kawaida, kila siku, kwa miezi minane. Mkojo ukawa na oksaleti maradufu. Humo figoni ikakutana na kalsiamu ambayo mkojo wa kila mtu huwa nayo, zikashikana, zikawa fuwele, na fuwele juu ya fuwele ndiyo jiwe. Joto la kaskazi likamalizia kazi. Nilikuwa nikitoka jasho jingi, nakunywa maji machache, na mkojo ukawa mzito kama maji ya chumvi yaliyoachwa juani, ambayo mwisho wake ni kuganda.

Nikamwuliza, "Sasa maziwa yana kosa gani? Si jiwe ni la kalsiamu?"

Akasema, "Mjomba, jambo lenyewe ni wapi hizi mbili zinakutana. Zikikutana figoni, ni jiwe. Zikikutana tumboni, ni choo tu."

Naomba mlishike neno hilo, kwa kuwa ndilo kiini cha makala haya. Mtu akila mboga yenye oksaleti pamoja na chakula chenye kalsiamu, mfano maziwa, zile mbili hushikana utumboni. Zikishashikana haziyeyuki, hazipenyi kuingia kwenye damu, na hutoka zikiwa pamoja. Asiyekuwa na kalsiamu katika mlo wake huiacha oksaleti bila ya mwenzake, nayo hupenya na kwenda kumtafuta figoni. Mimi nilikuwa nimeiongeza oksaleti na papo hapo nimemwondoa mlinzi wake.

Hayo si maneno ya binti yetu peke yake. Mwaka 2002 madaktari wa mji wa Parma, Italia, wakiongozwa na Loris Borghi, walitangaza matokeo ya utafiti wao juu ya wanaume 120 waliokuwa wakirudiwa na mawe ya aina hii na ambao mkojo wao ulikuwa na kalsiamu nyingi. Waliwagawa sawasawa. Sitini wakapewa mlo wa kalsiamu chache, kama miligramu 400 kwa siku, ule ule ushauri wa wageni wangu. Sitini wengine wakapewa kalsiamu ya kawaida, kama miligramu 1,200, lakini wakapunguziwa nyama na chumvi. Baada ya miaka mitano, katika kundi la kwanza watu 23 walirudiwa na mawe, na katika kundi la pili watu 12. Walioachishwa maziwa ndio walioumia zaidi. Ni kweli kwamba kupunguza nyama na chumvi nako kulisaidia, kwa sababu chumvi nyingi huifanya figo itoe kalsiamu nyingi kwenye mkojo. Lakini hofu ya maziwa haikusimama.

Basi nikairudia chai yangu ya maziwa, na ile gilasi ya kijani nikaiacha. Nilidhani habari imekwisha. Kumbe upande wake wa pili ulikuwa chumba cha jirani, kitandani kwa mamangu.

Mamangu amepita miaka sabini na tano. Mwaka uliotangulia aliteleza ukumbini, mahali pakavu, kuanguka kwa kawaida ambako mtoto angeinuka akacheka. Yeye alivunjika nyonga. Daktari alisema mifupa yake imekuwa myepesi, imepungua madini. Nasi watoto tukaazimia kumjenga mifupa. Yeye hapendi maziwa, humjaza tumbo upepo. Tukaambiwa mboga za kijani zina kalsiamu nyingi, hivyo kila siku apikiwe mchicha wa nazi. Mke wangu aliupika kwa mapenzi, nasi tukajiona tumefanya wajibu wetu kwa mzazi. Tui lilikuwa jeupe, na nadhani weupe ule nao ulitudanganya, tukaona kama maziwa.

Siku ile binti yetu alipotoka chumbani kwangu aliingia kumsalimia nyanya yake, akakuta sahani ya mchicha. Akauliza anapata nini kingine cha mifupa. Tukasema, ndiyo hiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akanieleza jambo lililonitia huzuni zaidi kuliko jiwe langu.

Ile nguvu ya oksaleti ya kuishika kalsiamu, ambayo ni salama kwa figo ikitokea tumboni, ni hasara kwa mtu anayetafuta kalsiamu. Spinachi ina kalsiamu kweli. Anayeipima maabara ataiona. Lakini karibu yote imefungwa. Mwaka 1988 wataalamu wa Marekani, Robert Heaney na Connie Weaver pamoja na mwenzao, walikuza spinachi ambayo kalsiamu yake imetiwa alama, ili ikiliwa iweze kufuatwa ndani ya mwili. Wakawapa watu wazima wenye afya spinachi siku moja na maziwa siku nyengine. Katika kila sehemu 100 za kalsiamu ya maziwa, mwili ulichukua 27 na zaidi kidogo. Katika kila sehemu 100 za kalsiamu ya spinachi, ulichukua 5.

Hebu tupige hesabu ya jikoni. Gilasi ya maziwa ina kalsiamu kama miligramu 300, na mwili huchukua kama 80. Nusu kikombe cha spinachi iliyopikwa ina kama miligramu 120, na mwili huchukua 6. Ili mamangu apate kilichomo katika gilasi moja ya maziwa angehitaji kula visahani vya namna hiyo kama kumi na vitatu. Na tui halikuongeza kitu, kwa kuwa tui la nazi halina kalsiamu ya maana: miligramu 16 hivi katika gramu 100, ilhali maziwa ya ng'ombe yana kama 120. Mwanamke wa umri wake hushauriwa apate miligramu 1,200 kwa siku. Sisi tulikuwa tukimpa sahani iliyojaa na mifupa haipati kitu.

Sisemi kwamba mchicha ulimvunja nyonga. Mifupa hupungua kwa miaka mingi, na sababu zake ni nyingi: umri, kukoma kwa hedhi, uchache wa kalsiamu tangu ujana, na uchache wa vitamini D ambayo ngozi huitengeneza kwa jua. Akina mama wanaokaa ndani na kujisitiri vyema watokapo wana haja ya kuliuliza jambo hilo kwa daktari. Nasema tu kwamba tulipoteza mwaka mzima wa kumtibu kwa kuamini jani lisilotoa kilichomo.

Huenda mtu akauliza, je, mboga zote za kijani ni hivyo? La, na hapa pana faraja. Wataalamu wale wale walipoijaribu keli, ndugu wa sukuma wiki, mwaka 1990, walikuta mwili unachukua kalsiamu yake 40 katika kila 100, zaidi hata ya maziwa. Siri ni ukoo. Spinachi ya vitabuni, hii yetu ya majani mapana, kiazi sukari chekundu na mchicha ni wa ukoo mmoja wa mimea, na ukoo huo una oksaleti nyingi. Sukuma wiki na kabeji ni wa ukoo mwengine, na oksaleti yao ni chache. Kwa hivyo anayetafuta mifupa katika mboga, na aitafute katika sukuma wiki.

Sasa niwaeleze tulivyobadilisha jiko letu, kwa kuwa mchicha hatukuutupa. Ni mboga yenye manufaa mengine mengi, na mtu ambaye hajapata jiwe hana sababu ya kuuogopa. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2007, uliofuata wanaume na wanawake kwa miaka mingi, ulikuta kwamba wanaokula spinachi mara nane au zaidi kwa mwezi walipata mawe zaidi ya wasiokula hata mara moja, lakini tofauti ilikuwa ndogo: kama 30 zaidi kwa kila 100 kwa wanaume na kwa wanawake wenye umri mkubwa, na kwa wanawake vijana haikuonekana. Ni mboga inayohitaji adabu yake, hasa kwa aliyekwisha kupata jiwe, mwenye ugonjwa wa figo, au aliyekatwa sehemu ya utumbo.

Adabu ya kwanza ni kuchemsha na kumwaga. Ile oksaleti iliyoyeyuka hutoka ikaingia majini. Katika majaribio ya mwaka 2005, kuchemsha mboga kuliondoa kati ya 30 na 87 katika kila 100 za oksaleti inayoyeyuka, kulingana na mboga. Kupika kwa mvuke kuliondoa chache zaidi. Lakini tazameni tunavyopika sisi: tunakatakata, tunakaanga na kitunguu na nyanya, tunaacha mboga iive kwa maji yake, kisha tunatia tui. Hakuna tone linalomwagwa, na oksaleti yote inabaki sufuriani. Siku hizi mke wangu huchemsha sufuria kubwa ya maji kwanza, hutia majani kwa dakika kama kumi, huyachuja na kuyakamua, humwaga yale maji, ndipo huyakaanga na kuyatia tui. Ladha haikupungua, na ukakasi umepungua waziwazi. Ni kweli kwamba baadhi ya vitamini nazo humwagika na maji. Mama mjamzito asiye na tatizo la mawe, anayehitaji foleti, hana haja ya kwenda mbali hivyo.

Adabu ya pili ni kuweka kalsiamu katika sahani ile ile. Pwani yetu imejaaliwa dagaa, nao huliwa na miiba yao, na kalsiamu imo katika miiba. Mchicha kwa dagaa ni mlo ambao mabibi zetu waliupika bila ya kusoma lishe. Waliokaushwa kwa chumvi waloweshwe na kuoshwa kwanza, kwa sababu ya chumvi niliyoitaja. Asiyekuwa na dagaa na anywe kikombe cha maziwa mala pamoja na chakula.

Hapa msichanganye mambo mawili. Maziwa yanayonywewa na mchicha ni ya kulinda figo, na sehemu ya kalsiamu yake itatumika kuifunga oksaleti. Anayetaka kujenga mifupa na apate maziwa mengine wakati mbali na mboga hiyo. Mamangu, ambaye maziwa mabichi yanamdhuru, tumemwona anayavumilia maziwa mala. Anapata kikombe asubuhi na kikombe alasiri, sukuma wiki mara tatu kwa wiki, na vidonge alivyoandikiwa na daktari. Vidonge vya kalsiamu alivyoandikiwa anavimeza na chakula, wala si kwa tumbo tupu. Humezwa hivyo ndivyo visivyopeleka kalsiamu mkojoni kwa mkupuo.

Adabu ya tatu ni maji. Aliyepata jiwe huhitaji kunywa kiasi cha kumfanya akojoe lita 2 au zaidi kwa siku, na katika joto letu hiyo huenda ikawa lita 3 za kunywa. Kipimo chepesi ni rangi: mkojo uwe kama maji ya limau, usiwe kama chai. Nami nakamulia ndimu katika maji yangu, kwani ndimu ina sitireti, ambayo huishika kalsiamu katika mkojo na kuizuia isigande. Mwezi wa Ramadhani nilipofunga kwa idhini ya daktari, niligawa maji yangu baina ya kufuturu na daku, gilasi moja kila saa niwapo macho, badala ya kujaza tumbo kwa mkupuo wakati wa daku. Figo humaliza maji ya mkupuo mapema asubuhi, na mchana kutwa hubaki kavu.

Na mwisho, mjue wakati wa kutongoja. Maumivu ya ubavu yakija pamoja na homa au kutetemeka, au mkojo ukikatika kabisa, au mgonjwa akiwa mjamzito, au ana figo moja, huyo asiachwe nyumbani kunyweshwa maji ya shayiri. Apelekwe hospitali saa ile ile, usiku au mchana, kwani mkojo uliozibwa ukiingia wadudu huweza kumuua mtu kwa muda wa siku moja. Na jiwe likitoka, lisitupwe. Lipimwe. Yako mawe ya asidi ya yuriki na mengine yaliyotokana na maambukizo, nayo dawa zake si hizi nilizoeleza.

Jiwe langu nimelihifadhi katika kichupa kidogo juu ya rafu ya vitabu. Wajukuu wakiniuliza ni nini, nawaambia ni spinachi. Hucheka, wakadhani babu anatania. Juzi mamangu alitembea kutoka chumbani mpaka barazani kwa mkongojo, akaketi, akaletewa kikombe chake cha maziwa mala. Akalisukuma lile bakuli la mchicha upande wangu, akasema, "Haya, wewe na jani lako."

Nikala. Lilikuwa limechemshwa na kukamuliwa, na ndani yake mlikuwa na dagaa.